Mende na Panya Kwenye Nyumba ya Kupanga Nairobi: Jinsi ya Kuripoti na Kujua Nani Alipe Dawa

Wapangaji wengi huanza na hatua ya mwisho. Mende wakizidi wanaita mtu wa kupuliza dawa, wanalipa mfukoni, halafu ndipo wanamtumia ajenti risiti wakitaka warudishiwe. Ajenti anakataa, na hapo mpangaji hana la kusema: wadudu wamekufa au wametawanyika, hakuna picha wala barua, na hakuna anayeweza kusema walitoka wapi. Wiki tatu baadaye mende wanarudi, na pesa zimekwenda.

Swali la nani alipe huamuliwa na swali jingine: wadudu wanatoka wapi? Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kuonyesha chanzo, ndipo uandike barua, na dawa ije mwisho. Mwongozo huu umejengwa juu ya hali inayoonekana sana mitaa ya fleti kama Umoja, Pipeline, Kayole, Zimmerman na Roysambu: mende wadogo wa kahawia ndani ya jengo ambalo nyumba zake zinashiriki mabomba. Panya wana sehemu yao baada ya hatua ya pili.

## Andaa hivi kwanza

- Mitego ya gundi mitano au sita. Ile ya kadibodi inayouzwa kwa ajili ya mende inatosha. Ya panya ni mikubwa na gundi yake ni nzito.
- Tochi na kalamu ya wino mzito.
- Simu yenye tarehe na saa sahihi.
- Mkataba wa upangaji, pamoja na fomu ya ukaguzi wa siku ya kuingia kama uliijaza.
- Jumbe za M-Pesa za kodi ya miezi mitatu ya mwisho.
- Daftari dogo.
- Unga kidogo na magazeti ya zamani, kama unashuku panya.

Usipulize dawa ya kopo wakati huu. Dawa hizo huwafukuza mende kutoka kwenye maficho yao na kuwapeleka vyumba vingine, kwa hiyo mitego yako itakupa picha ya uongo. Pia utampa ajenti nafasi ya kusema umewasambaza wewe.

## Hatua ya 1: Mjue mdudu uliye naye

Mende mdogo wa kahawia, mwenye urefu wa takriban sentimita moja na nusu na mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa, huzaliana ndani ya nyumba. Anapenda joto na unyevu: nyuma ya friji, chini ya sinki, kwenye bawaba za kabati, ndani ya soketi. Jike hubeba kifuko cha mayai mwilini hadi karibu na siku ya kuangua, na kifuko kimoja huwa na mayai 30 hadi 40. Dawa nyingi za kupuliza hazipenyi kifuko hicho, na ndiyo sababu kupuliza mara moja hushindwa.

Mende mkubwa mwekundu, wa sentimita tatu na nusu hadi nne, ni mgeni wa mitaro. Hupanda kutoka kwenye bomba la maji machafu au kwenye shimo la ukaguzi lililovunjika mfuniko. Ukimwona huyu chooni usiku, tatizo karibu kila mara ni la mifereji ya jengo, wala si jikoni mwako.

Umefaulu hatua hii ukiwa na picha moja ya karibu ya mdudu akiwa kando ya sarafu au rula, ili ukubwa uonekane bila ubishi.

## Hatua ya 2: Tega mitego kwa usiku tatu

Andika nambari na tarehe kwenye kila mtego, kisha uweke hivi: wa kwanza mahali mabomba yanapoingia chooni au bafuni, wa pili chini ya sinki ya jikoni, wa tatu nyuma ya friji, wa nne kando ya mlango wa kuingilia, wa tano chumba cha kulala. Kila mtego uguse ukuta, kwa sababu mende hutembea wakifuata kingo. Mtego uliowekwa katikati ya sakafu utabaki mtupu hata nyumba ikiwa imejaa.

Asubuhi ya siku ya nne, piga picha ya kila mtego nambari ikionekana, hesabu waliokwama na uandike daftarini. Hesabu mende wachanga peke yao. Hawa ni weusi, wadogo, hawana mabawa, na hawaendi mbali na walipoanguliwa. Mtego wenye wachanga wengi unakuonyesha kiota kiko upande gani.

Tuchukue nyumba ya mfano tutakayoifuata hadi mwisho. Ni C4, fleti ya chumba kimoja cha kulala huko Umoja, kodi 14,000 kwa mwezi. Mpangaji ameingia wiki tano zilizopita. Choo chake kinapakana na shimo la mabomba linalopita wima katika nyumba tano, kuanzia A4 chini hadi E4 juu. Mitego yake ilisoma hivi: kwenye mabomba ya choo 27, kati yao 19 wachanga, chini ya sinki 11, nyuma ya friji 4, mlangoni na chumbani hakuna. Hesabu hiyo inasema kitu wazi. Kiota kiko ndani ya shimo la mabomba au kimeligusa, na mende wanaingia jikoni kutafuta chakula. Kama uchafu wa jikoni ndio ungekuwa chanzo, sinki na friji vingeongoza.

Kisha gonga milango ya majirani, hasa wa juu na wa chini yako, kwa kuwa hao ndio mnaoshiriki bomba. Waulize mambo mawili tu: mnao, na walianza lini? Katika mfano wetu, B4, D4 na E4 wote wana mende, na A4 imekaa wazi mwezi mzima. Andika hivyo. Nyumba iliyo wazi ina uzito mkubwa, kama tutakavyoona.

## Ikiwa ni panya

Kinyesi cha panya buku kina urefu wa sentimita moja hadi mbili; cha panya mdogo wa nyumbani ni kama punje ya mchele au pungufu. Tofauti hii inakuambia utafute shimo la ukubwa gani: panya mdogo hupita kwenye upenyo wa milimita sita hivi, yaani unene wa penseli.

Jioni, ziba kila shimo kwa gazeti lililokunjwa bila kukaza, na unyunyize unga mwembamba sakafuni mbele yake. Asubuhi, gazeti lililosukumwa ndani ya chumba linaonyesha panya alitoka shimoni kuja kwako. Nyayo kwenye unga zitaonyesha alielekea wapi. Tazama pia alama nyeusi za mafuta kwenye ukuta kando ya mabomba, na juu ya dari ikiwa paa ni la mabati.

Kinyesi kisifagiliwe kikiwa kikavu. Kilowanishe kwanza kwa jiki iliyochanganywa sehemu moja kwa tisa za maji, subiri dakika tano, kisha futa kwa karatasi ukiwa umevaa glavu. Mkojo wa panya hubeba vijidudu vya homa, na vumbi lake halifai kuvutwa puani.

Sumu ya panya inayouzwa stendi za matatu kwenye karatasi isiyo na lebo usiinunue. Hujui ndani kuna nini, daktari pia hatajua mtoto akiila, na panya atafia darini au nyuma ya kabati na kunuka kwa wiki. Ndani ya nyumba tumia mtego wa kubana, uulaze sakafuni kwa pembe mraba na ukuta, upande wa chambo ukigusa ukuta.

## Hatua ya 3: Amua mzigo uko kwa nani

Soma mkataba kwanza. Tafuta maneno kama wadudu, usafi, dawa, ukarabati, sehemu za pamoja. Mikataba mingi ya Nairobi haisemi lolote kuhusu wadudu, na mingine humtaka mpangaji kupuliza dawa anapohama tu. Kifungu cha aina hiyo ya pili hakihusu wadudu wa katikati ya upangaji.

Halafu kuna sheria mbili zinazokusaidia. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 65, inaweka ndani ya kila upangaji ahadi za mwenye nyumba hata kama hazikuandikwa: nyumba ya kuishi iwe inafaa kukaliwa na binadamu mwanzoni na ibaki hivyo muda wote wa upangaji, na pale unapopangisha sehemu tu ya jengo, paa, kuta kuu, mifereji mikuu, korido na mitambo ya pamoja ni jukumu lake. Shimo la mabomba linaloshirikiwa na nyumba tano ni la pamoja.

Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inaitaja nyumba iliyojaa wadudu kiasi cha kudhuru afya kuwa ni kero, kifungu cha 118. Kifungu cha 119 kinaeleza nani apewe notisi ya kuiondoa. Kwa kawaida ni aliyesababisha. Lakini kero ikitokana na kasoro ya ujenzi, au nyumba ikiwa haina mkaaji, notisi humwendea mwenye nyumba. Hapa ndipo A4 iliyo wazi na tundu lisilozibwa kuzunguka bomba vinakuwa na maana.

Sheria hizo hazikuondolei wajibu wako. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ardhi kinakutaka utunze ulichopangishiwa. Ikiwa umeishi humo miaka miwili bila mdudu, majirani hawana, na mende wameanza baada ya kununua friji ya mtumba, gharama ni yako, na ni afadhali ukubali mapema kabla hawajafika kwa jirani. Takataka zinazolala jikoni siku tatu zina jibu lilelile.

Hali iliyo katikati ndiyo ya kawaida: chanzo ni cha jengo, lakini jikoni mwako wamepata chakula. Usiifiche. Sema utafanya nini upande wako, kisha udai upande wake. Ajenti hushindwa kumkatalia mtu aliyekwisha kukubali sehemu yake.

## Hatua ya 4: Andika, usiseme tu

Keateka akiambiwa mdomoni, taarifa huishia getini. Mwambie, ndiyo, kwa heshima, kwa sababu yeye ndiye atakayefungua shimo la mabomba. Lakini siku hiyohiyo peleka barua kwa ajenti au mwenye nyumba. Tuma picha yake kwa WhatsApp kwenye nambari mnayotumia siku zote, na uchapishe nakala mbili. Moja unaiacha ofisini, nyingine igongwe muhuri au itiwe sahihi na tarehe, urudi nayo. Usifute mazungumzo ya WhatsApp wala kubadili simu bila kuyahifadhi.

Barua ya C4 inaweza kwenda hivi:

> Kwa mwenye nyumba, kupitia ajenti.
>
> KUH: MENDE KATIKA NYUMBA C4 NA SHIMO LA MABOMBA LA MSTARI WA 4
>
> Mimi ni mpangaji wa C4 tangu tarehe [ ]. Kodi yangu imelipwa hadi mwisho wa mwezi huu.
>
> Tangu wiki ya kwanza nimekuta mende wadogo wa kahawia. Kwa usiku tatu, kuanzia tarehe [ ] hadi [ ], niliweka mitego mitano. Uliokuwa kwenye mabomba ya choo ulinasa 27, wengi wao wachanga. Wa chumbani haukunasa kitu. Nyumba B4, D4 na E4 zina tatizo hilohilo. A4 iko wazi. Kuna tundu lisilozibwa kuzunguka bomba la choo changu. Picha zimeambatishwa.
>
> Naomba yafuatayo:
> 1. Mtaalamu mwenye leseni ya PCPB, bodi ya serikali ya dawa za wadudu, akague na kutibu shimo la mabomba na nyumba zote tano siku moja.
> 2. Arudi mara ya pili baada ya wiki mbili hadi tatu.
> 3. Matundu kuzunguka mabomba yazibwe.
>
> Kwa kuwa chanzo ni sehemu ya pamoja, naomba gharama iwe ya mwenye nyumba, kwa mujibu wa kifungu cha 65 cha Sheria ya Ardhi. Kwa upande wangu nitatoa vyombo kabatini, kutoa takataka kila jioni na kufungua mlango siku mtakayopanga.
>
> Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 7.
>
> Wako mwaminifu,
> Mpangaji, C4

Barua haina hasira wala tishio, na haisemi lolote kuhusu kuzuia kodi. Sentensi ya pili, ya kodi iliyolipwa, imewekwa makusudi: mpangaji mwenye deni hujibiwa kuhusu deni, na wadudu husahaulika. Majirani wakikubali kutia sahihi chini, ni bora zaidi. Barua ya nyumba nne haiwezi kuitwa uchafu wa mtu mmoja.

## Usizuie kodi

Hapa ndipo watu huumia. Kuna wanaosema, "Sitalipa mpaka wapulize dawa." Sheria ya Kukamata Mali kwa Kodi, Sura ya 293, inamruhusu mwenye nyumba kutuma dalali kuchukua vitu vyako kwa kodi usiyolipa, na mende hawatakuwa utetezi wa haraka wakati runinga inapakiwa kwenye pikapu.

Vivyo hivyo usikate gharama ya dawa kwenye kodi kwa uamuzi wako. Kata tu ukiwa na ujumbe ulioandikwa na ajenti unaotaja kiasi na mwezi. Mfano: "Tumekubali C4 ikate 1,000 kwenye kodi ya mwezi ujao kwa ajili ya dawa." Ukilipa kodi iliyokatwa, mtumie nakala ya ujumbe huo pamoja na ujumbe wa M-Pesa.

Ujue pia kikomo cha nguvu zako. Upangaji wa mwezi kwa mwezi unaweza kuvunjwa na upande wowote kwa notisi isiyopungua mwezi mmoja. Hilo ni sababu nyingine ya kuandika kwa utulivu na pamoja na majirani. Ni vigumu kuwafukuza wapangaji wanne kwa mpigo.

## Hatua ya 5: Jibu majibu ya ajenti

Jibu la kwanza huwa: "Mende ni mambo ya mpangaji, kila mtu ajipulizie." Usibishane juu ya usafi. Rudi kwenye shimo la mabomba: nyumba moja ikipulizwa peke yake, mende hurudi nyuma ya ukuta, wanakaa A4 isiyo na mtu, na wanarejea dawa ikiisha nguvu. Hata kila mpangaji akilipa kwa siku yake, tatizo linazungushwa tu. Mwombe aje na tochi, fungueni shimo pamoja.

Jibu la pili ni la kugawana, na mara nyingi linafaa kusikilizwa. Tuseme mtaalamu ametaja 2,000 kwa kila nyumba, ziara mbili zikiwemo. Nyumba tano ni 10,000. Fundi wa kuziba matundu anataka 1,500, saruji ikiwemo. Jumla ni 11,500. Ajenti anasema kila mpangaji alipe 2,000 zake. Jibu la haki ni hili: A4 ni ya mwenye nyumba peke yake, kwa sababu haina mkaaji, kuziba matundu ni yake pia, kwa sababu ni ujenzi, nyumba nne zilizobaki zigawanywe nusu kwa nusu. Wapangaji wanne wanatoa 1,000 kila mmoja, yaani 4,000. Mwenye nyumba anatoa 7,500.

Barua ilidai zote kutoka kwake, na una haki ya kushikilia hapo. Lakini ukilazimika kulegeza kitu, legeza bei, usilegeze kuziba matundu wala nyumba zote kutibiwa siku moja. Mpangaji aliyelipiwa dawa yote huku tundu limeachwa wazi atakuwa na mende tena kabla ya msimu wa mvua kwisha.

Hakikisha makubaliano yameandikwa: kiasi, nani analipa nani, tarehe ya ziara zote mbili.

## Hatua ya 6: Akinyamaza, nenda kwa bwana afya

Siku saba zikipita bila jibu, tuma ukumbusho mfupi wenye nakala ya barua ya kwanza, umpe siku tatu zaidi. Baada ya hapo nenda ofisi ya afya ya umma ya kaunti ndogo unayoishi. Kaunti ya Nairobi ina kaunti ndogo 17, na kila moja ina maafisa wa afya ya umma, wale watu bado wanawaita bwana afya. Mkaaji wa Umoja huenda Embakasi Magharibi.

Beba barua yenye muhuri, picha za mitego, orodha ya nyumba zilizoathirika na jina la ajenti au mwenye nyumba. Usieleze mgogoro wa pesa. Hiyo si kazi yake. Sema una kero ya wadudu chini ya Sheria ya Afya ya Umma, inatoka shimo la mabomba la pamoja, na pia nyumba isiyo na mkaaji, na unaomba ukaguzi. Maneno hayo mawili, "la pamoja" na "isiyo na mkaaji", ndiyo yanayoelekeza notisi kwa mwenye nyumba.

Afisa akikagua na kuridhika, hutoa notisi ya maandishi inayotaja la kufanywa na muda wake. Asiyeitii anaweza kupelekwa mbele ya hakimu. Omba kuona notisi na uandike tarehe yake. Kwa kawaida simu ya ajenti hulia muda mfupi baada ya notisi kufika.

Kama kodi yako haizidi 2,500 kwa mwezi, uko pia chini ya Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, na unaweza kufungua lalamiko katika baraza lake. Vyumba vya bei hiyo vimebaki vichache, lakini bado vipo.

## Hatua ya 7: Siku ya dawa

Kabla mtaalamu hajaanza, mwombe leseni yake ya PCPB, ile bodi ya serikali inayosajili dawa za wadudu na wanaozitumia kibiashara. Angalia pia lebo ya dawa. Bidhaa iliyosajiliwa hubeba nambari inayoanza na `PCPB(CR)`. Piga picha. Akimimina kutoka chupa ya maji ya kunywa isiyo na lebo, msimamishe, hata kama nusu ya jengo tayari imepulizwa.

Mkatalie kabisa mtu anayetaka kuacha vidonge vya kutoa gesi, vile vya kuhifadhia mahindi, ndani ya fleti. Gesi yake hupita kwenye matundu hadi kwa jirani aliyelala, na inaua.

Kwa mende wadogo wa kahawia, tiba nzuri ni jeli ya chambo, matone madogo mengi kwenye bawaba, nyuma ya friji na kuzunguka mabomba, pamoja na dawa ya kupuliza ndani ya shimo. Jeli na dawa ya kupuliza zisikutane mahali pamoja; mende hawali chambo kinachonuka dawa. Wewe nawe usije ukapiga deki juu ya jeli kesho yake.

Toa vyombo vyote kabatini usiku uliotangulia, funika maji na chakula, vuta friji mbali na ukuta. Watoto, wajawazito na wanyama watoke, na mrudi baada ya muda ulioandikwa kwenye lebo, kisha mfungue madirisha.

Siku mbili tatu za mwanzo utaona mende wengi zaidi, hata mchana. Hiyo ni dalili kwamba dawa imewafikia maficho. Kinachotakiwa kukushtua ni kuona wachanga wengi baada ya wiki mbili wakati ziara ya pili haijapangwa: mayai yaliyokuwa vifukoni yameanguliwa. Ndiyo maana ziara ya pili si hisani ya mtaalamu, ni nusu ya kazi, na malipo ya mwisho yasitolewe kabla yake.

Wiki moja baada ya ziara ya pili, rudisha mitego mahali palepale kwa usiku tatu. Mtego wa mabomba uliokuwa na 27 unatakiwa uwe mtupu au na mmoja wawili. Ukiwa na zaidi ya watano, tundu moja halikuzibwa au nyumba moja haikufunguliwa siku ya dawa. Uliza ni ipi kabla ya kuomba dawa nyingine.

## Weka faili hadi siku ya kuhama

Barua, picha, notisi ya afisa, risiti na ujumbe wa makubaliano viweke pamoja, na nakala kwenye barua pepe yako. Siku ya kurudisha funguo, ajenti anaweza kutaka kukata dawa kwenye dipoziti akidai uliacha mende. Muonyeshe barua ya wiki yako ya tano inayosema walikuwapo ulipoingia, na picha ya mitego ya mwisho iliyo mitupu. Kama mkataba unakutaka upulize dawa unapohama, fanya hivyo mwenyewe kwa mtaalamu mwenye leseni na umpe ajenti risiti siku ya ukaguzi, ili asikukate bei anayoitaja yeye.